Reli mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu data inayojitangaza bila saa

Kwa nini waya moja kwa kila biti haitoshi?

Kwa sababu waya moja ina hali mbili tu, volteji juu au volteji chini, na zote mbili zimeshatumika kusema 1 na 0. Hakuna hali iliyobaki ya kusema "bado". Ukiikuta waya iko chini, huna namna ya kujua kama hiyo ni sifuri mpya, sifuri iliyosalia tangu neno lililopita, yaani kundi la biti lililotangulia, au ni moja ambayo bado iko njiani.

Sakiti za kawaida huziba pengo hilo kwa saa. Msanifu hutafuta njia ndefu kuliko zote ndani ya sakiti, huikadiria katika joto kali na volteji hafifu, huongeza akiba kidogo, kisha huamua kwamba pigo la saa likifika data itakuwa imeshatulia. Pigo lenyewe haliitazami data. Linakuja kwa wakati wake, na ikitokea data imechelewa, kitakachosomwa ni takataka na hakuna atakayelalamika.

Kuna njia ya kati: kufunga biti zote katika kifurushi kimoja na kuongeza waya ya ombi, iliyocheleweshwa kwa makusudi ili ifike baada ya data. Saa kuu hapo imeondoka, lakini ahadi ni ile ile: muda umepimwa mapema, na tunatumaini umetosha.

Reli mbili hufanyaje?

Kila biti hupewa waya mbili. Tuite biti yetu d, na waya zake d1 na d0. Ikipanda d1, thamani ni 1. Ikipanda d0, thamani ni 0. Zote zikiwa chini, hakuna kitu: biti ni tupu. Zote kuwa juu kwa pamoja ni marufuku.

Hali ile ya "bado" iliyokosekana kwenye waya moja sasa ipo. Tazama pia kwamba sifuri imeacha kuwa ukimya. Kwenye sakiti ya saa, sifuri ni waya isiyofanya lolote. Hapa sifuri ni tukio, waya inapanda na kusema "nimefika, na mimi ni sifuri". Thamani na taarifa ya kuwasili zimo katika tendo moja, kwa hiyo haiwezekani moja itangulie na nyingine ibaki nyuma. Hata d0 ya biti moja ikipita njia ndefu na kuchelewa mara kumi kuliko wenzake, mpokeaji ataona tu biti hiyo bado ni tupu, na atasubiri.

Geti la NOT, kwa taarifa yako, ni bure kabisa: badilisha majina ya waya mbili na umemaliza. Bei utaiona kwenye mageti mengine.

Kwa nini lazima waya zirudi chini kabla ya neno jipya?

Fikiria mtumaji anataka kupeleka 1 kisha 1 tena. Kama d1 imebaki juu tangu ile ya kwanza, ya pili itajitangazaje? Ndiyo maana kati ya kila maneno mawili huwekwa utupu. Mwendo una hatua nne. Mtumaji hupandisha waya moja katika kila jozi. Mpokeaji akishapata biti zote hupandisha waya ya kithibitisho. Mtumaji hushusha kila kitu. Mpokeaji akishaona jozi zote ni tupu, hushusha kithibitisho, na mlango uko wazi kwa neno linalofuata.

Ni hodi na karibu, ila hapa mgeni hapigi hodi ya pili mpaka wa kwanza ameondoka na mlango umefungwa. Nusu ya safari zote hazibebi habari yoyote. Hiyo ni gharama halisi, na tutaihesabu.

Mpokeaji anajuaje kwamba neno zima limefika, si biti chache tu?

Kwa kila jozi weka geti la OR. Likitoa 1, biti hiyo imefika, iwe ni moja au sifuri. Kisha unahitaji kitu kitakachosema "wote wamefika", na hapo AND haifai. AND ingepanda vizuri pale wote wanapofika, lakini ingeshuka mara tu biti ya kwanza inapokuwa tupu, ilhali zingine bado zina data ya zamani. Mpokeaji angeamini neno limeondoka kumbe nusu yake bado imo ndani.

Kinachohitajika ni geti C, lililobuniwa na David Muller katika Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1950. Tokeo lake hupanda pale tu viingilio vyote vinapokuwa 1, hushuka pale tu vyote vinapokuwa 0, na katikati hushikilia hali liliyokuwa nayo. Kwa viingilio viwili fomula ni hii:

```
c = a·b + c·(a + b)
```

Ile c upande wa kulia ndiyo kumbukumbu: tokeo limerudishwa kuwa kiingilio. Kwa neno la biti 32 unapata OR 32, halafu mti wa mageti C 31 yenye viingilio viwili viwili, ngazi 5 kutoka chini hadi juu. Kwenye kilele cha mti huo hutoka waya moja, na hiyo ndiyo kithibitisho.

Basi gharama ya waya ni mara mbili tu?

Hilo ndilo jibu ambalo watu hulitoa haraka, na linaficha mengi. Tuchukue basi moja la biti 32, yaani kundi la waya zinazobeba neno zima kwa pamoja, tulihesabu.

Kwa njia ya kifurushi unahitaji waya 32 za data, moja ya ombi na moja ya kithibitisho: 34. Kwa reli mbili unahitaji 64 za data na moja ya kithibitisho: 65. Waya ya ombi imetoweka kwa kuwa data yenyewe ndiyo ombi. Kufikia hapa ni karibu mara mbili, kweli.

Sasa hesabu miondoko, yaani mara ngapi waya inapanda au kushuka, kwa sababu kila muondoko unajaza au kumwaga chaji, na hiyo ndiyo nishati inayoliwa. Katika kifurushi chenye data isiyotabirika, kila biti ina nafasi ya nusu kubadilika kutoka neno moja hadi lingine, kwa hiyo wastani ni miondoko 16 ya data. Katika reli mbili kila biti lazima ipande mara moja na kushuka mara moja, data iweje: miondoko 64, kila neno, hata kama unapeleka sifuri tupu kutwa nzima. Waya zimeongezeka mara mbili, lakini miondoko ya data imekuwa mara nne. Wenye saa nao wana bili yao, kwa kuwa waya za saa hupiga hata pasipo na kazi, ilhali sakiti ya reli mbili ikikosa data hutulia kimya. Kwa hiyo basi linalotumika mara chache laweza kuwa nafuu hivi, na lile lisilopumzika likawa ghali sana.

Kuna nafuu moja ambayo watu wa kuchora chipu huifurahia. Waya mbili zinazopita sambamba huumizana zaidi pale moja inapopanda wakati jirani yake inashuka. Hapo uwezo wa chaji kati yao huhesabika kama umeongezeka maradufu, na ishara huchelewa. Ndani ya basi la reli mbili lenye hatua nne, hilo haliwezi kutokea. Katika awamu ya data waya zinapanda tu, katika awamu ya utupu zinashuka tu, na ndani ya jozi moja ni waya moja pekee inayosogea. Umenunua waya zaidi, lakini ni waya zenye adabu.

Hakuna msimbo wenye gharama ndogo zaidi?

Misimbo hiyo ipo, na kanuni yake ni moja: tumia kundi la waya ambamo idadi maalumu hupanda. Mpokeaji akishahesabu idadi hiyo, anajua alama imekamilika.

Msimbo rahisi ni waya nne, moja hupanda, kubeba biti mbili. Idadi ya waya haipungui, bado ni 64 kwa biti 32, lakini miondoko inashuka hadi 32, kwa sababu ni waya moja tu inayosogea kwa kila biti mbili. Kwa njia ndefu ndani ya chipu ni badiliko linalolipa karibu bila jasho.

Ukitaka kupunguza waya zenyewe, chagua tatu kati ya sita. Kuna namna 20 za kuchagua, kwa hiyo biti nne, zenye thamani 16, zinatosha na chenji inabaki. Biti 32 sasa zinapita kwenye waya 48, kwa miondoko 48. Shida ni kwamba mantiki ya kutambua "tatu zimefika" ni nzito kuliko OR, na huwezi kufanya hesabu moja kwa moja katika msimbo huo. Lazima utafsiri unapoingia na unapotoka.

Mfano halisi ninaoupenda ni SpiNNaker, mashine ya Chuo Kikuu cha Manchester iliyoongozwa na Steve Furber kwa ajili ya kuiga mishipa ya fahamu ya ubongo. Ndani ya kila chipu mna viini 18 vya ARM, kila kimoja kikiendeshwa kwa saa kama kawaida. Mtandao unaoviunganisha ndio usio na saa. Ndani ya chipu walitumia tatu kati ya sita na kurudi tupu kila mara. Kati ya chipu na chipu, ambako pini ni adimu na kusogeza waya hugharimu nishati nyingi, walitumia mbili kati ya saba bila kurudi tupu: muondoko wenyewe, uwe wa kupanda au kushuka, ndio habari. Biti nne kwa miondoko miwili tu. Waya saba za data na moja ya kithibitisho, nane kila upande, viungo sita kwa kila chipu.

Hapo pana uamuzi ambao naukubali kabisa: reli mbili na ndugu zake huwekwa pale ambapo ucheleweshaji hautabiriki, kama njia ndefu kati ya maeneo mawili, na si lazima zienee kila kona ya chipu.

Je, geti la AND la reli mbili ni AND mbili tu?

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Mtu hufikiri hivi: matokeo ni 1 pale a na b zote ni 1, na ni 0 pale mojawapo ni 0. Anaandika:

```
z1 = a1·b1
z0 = a0 + b0
```

Jedwali la ukweli limekaa sawa, na kwenye uigaji sakiti itafanya kazi. Sasa ifuate kwa mwendo wa polepole. Neno la kwanza: a ni 0, b ni 1, lakini b inatoka kwenye mantiki ndefu na imechelewa. a0 inapanda na papo hapo z0 inapanda. Jibu ni sahihi, sifuri, na mpokeaji anathibitisha. a0 inashuka, z0 inashuka, mpokeaji anaona utupu na kufungua mlango. Na b je? b1 ya neno la kwanza bado iko njiani, hakuna aliyeisubiri.

Neno la pili linaingia: a ni 1, b inatakiwa kuwa 0. a1 inapanda, na wakati huo huo ile b1 ya zamani ndiyo inatia mguu getini. z1 inapanda. Mpokeaji amepokea 1 mahali ambapo jibu ni 0, tena kwa kithibitisho halali kabisa. Data imejitangaza kwa uongo.

Kosa ni kwamba geti lilitoa jibu kabla ya kuwaona wageni wote. Tiba ya asili ni kutengeneza geti C kwa kila mchanganyiko wa viingilio:

```
z1 = C(a1,b1)
z0 = C(a1,b0) + C(a0,b1) + C(a0,b0)
```

Sasa z haisogei mpaka a na b wote wamefika, na haishuki mpaka wote wameondoka. Lakini pima bei. Geti C la kawaida lenye kishikilio dhaifu lina transista 8. Manne ni 32. OR ya viingilio vitatu ni 8 nyingine. Jumla 40, dhidi ya transista 6 za AND ya kawaida. Kwa hiyo anayeuliza kuhusu gharama ya waya aulize pia kuhusu mantiki, maana ndiko pesa nyingi zinakokwenda. Mageti ya kizingiti ya NCL, mfumo uliotoka miaka ya 1990, yalibuniwa hasa ili kupunguza mzigo huu.

Sakiti ya namna hii haijali kabisa ucheleweshaji?

Karibu kabisa. Linabaki sharti moja: waya inapogawanyika kwenda mageti mawili, na ni tawi moja tu linalothibitishwa, lile lingine linachukuliwa kuwa limefika karibu wakati huo huo. Alain Martin wa Caltech alionyesha kwamba bila sharti hilo sakiti unazoweza kujenga ni chache mno. Ndani ya eneo dogo la chipu si shida kulitimiza. Kikundi chake kilitengeneza prosesa ya biti 16 isiyo na saa mwaka 1989 kwa misingi hii, na ilifanya kazi kwenye chipu halisi.

Faida inaonekana wapi, mbali na usalama?

Kwenye kiongezi inaonekana vizuri. Unapojumlisha namba mbili za biti 32, "mkononi" inaweza kusafiri nafasi zote 32, na saa lazima ilisubiri tukio hilo baya hata kama ni nadra. Lakini tangu mwaka 1946 Burks, Goldstine na von Neumann walishaonyesha kwamba kwa namba za kubahatisha, msururu mrefu zaidi wa kubeba una wastani wa kama nafasi 5. Katika reli mbili, nafasi yenye 0 na 0 inatangaza mara moja "sibebi", yenye 1 na 1 inatangaza mara moja "nabeba", na ni zile zenye biti tofauti tu zinazongoja jirani. Jumla nyingi zinamalizika mapema na kusema hivyo. Toa lakini ngazi 5 za mti wa mageti C, ambazo zinakula sehemu ya ulichookoa. Kwenye kiongezi kifupi unaweza kubaki bila faida yoyote.

Naweza kujaribu kwenye FPGA?

Unaweza, ila FPGA haina geti C, na utalazimika kuliandika:

```verilog
always @(a or b)
  if (a == b) c <= a;
```

Programu itakuonya kwamba umetengeneza lachi. Ndicho ulichokusudia. Usiitegemee FPGA kupima kasi, maana waya zake hupita kwenye swichi nyingi na lile sharti la matawi ni gumu kulilinda. Kujifunzia inatosha.

Sakiti imekwama. Nianzie wapi?

Anza na waya ya kithibitisho. Imekwama chini wakati mtumaji ameshapeleka? Kuna biti ambayo haijafika. Imekwama juu? Kuna biti iliyokataa kuwa tupu. Hiyo peke yake inakata kazi nusu.

Nilijenga kitambuzi cha biti nne kwenye bredibodi. Kwa mageti ya kawaida, kila geti C lilidai AND mbili na OR mbili. Pamoja na OR nne za jozi, ikawa chipu mbili za 74HC08 na tatu za 74HC32. Chipu tano kwa kuuliza tu "mmefika?", kabla ya hesabu yoyote. Kila waya ya data niliiwekea resista ya kilo-omu 10 kwenda chini, ili ikichomoka isomeke 0 badala ya kuelea.

Ikapokea 5, ikapokea 12, ikapokea 7. Nilipopeleka 3 ikaganda, kithibitisho chini. Nikajaribu namba zote 16. Zilizopita ni 4 hadi 7 na 12 hadi 15. Zilizokwama ni 0 hadi 3 na 8 hadi 11. Yaani kila namba ambayo biti ya thamani 4 ni sifuri. Waya d0 ya biti hiyo ilikuwa imeingia tundu la pembeni, safu moja kando. Katika kifurushi cha waya moja moja, kosa kama hilo lingenipa majibu mabaya bila kusimama. Hapa sakiti ilikataa kuendelea na ikanionyesha jozi gani ina tatizo.

Waya iliyoshikana na volteji ya juu ina dalili nyingine. Jozi yake haiwi tupu kamwe, kwa hiyo kithibitisho kinapanda na hakishuki. Kabla hakijapanda, ukipeleka thamani ya upande wa pili, utaziona d1 na d0 zote juu, ile hali ya marufuku. OR haiwezi kuiona, kwa kuwa 1 na 1 nayo hutoa 1, kwa hiyo weka AND moja ya ukaguzi kwenye kila jozi unapojaribu, na uiunganishe na taa nyekundu.